Foleni Iliyojificha Kati ya Kipanya na Skrini

*Mhadhara uliotolewa mbele ya walimu, mafundi wa kompyuta na wachezaji wa gemu*

Mada ni uchelewaji wa amri, yaani muda unaopita tangu kidole kibonyeze kipanya hadi skrini ionyeshe matokeo. Wachezaji huuita lagi, na mara nyingi huuchanganya na lagi ya intaneti. Hapa intaneti haimo kabisa. Gemu inayochezwa peke yake, kebo ya mtandao ikiwa imechomolewa, nayo ina uchelewaji huu.

Lengo la mhadhara ni kuonyesha namna ya kuupima kwa vifaa vya bei ndogo, kisha kueleza sehemu tatu zinazoweza kurekebishwa: mara ngapi kompyuta inakiuliza kipanya habari, njia ambayo habari hizo hupita, na foleni ya picha zinazongoja kuchorwa. Hoja ni nne. Ya nne ndiyo nzito kuliko zote, na itapewa nafasi yake.

Hoja ya kwanza: kipimo kitangulie marekebisho

Mkono wa mchezaji huhisi tofauti, lakini hauwezi kusema tofauti hiyo imetoka wapi. Aliyenunua kipanya kipya jana atahisi wepesi leo hata kama hakuna kilichobadilika. Kwa hiyo kazi huanza na saa.

Saa iliyo karibu zaidi ni simu inayorekodi video ya mwendo wa polepole. Simu ikirekodi fremu 240 kwa sekunde, kila fremu ya video ni milisekunde 4.17. Simu huwekwa mahali pa kuona kipanya na skrini kwa pamoja, mchezaji hubonyeza, kisha video hupitiwa fremu moja moja kutoka pale kitufe kiliposhuka hadi pale skrini ilipobadilika. Fremu 12 ni milisekunde 50. Fremu 22 ni karibu 92.

Kuna mitego mitatu. Wa kwanza ni kidole. Kukiona kidole kikishuka si sawa na kuuona umeme ukipita, kwa sababu kitufe husafiri kidogo kabla swichi haijagusa. Fundi mwenye mkono mwepesi hufungua kipanya cha zamani na kuunganisha kitaa kidogo cha LED kwenye swichi, kiwake mara mguso unapotokea. Mtego wa pili ni skrini yenyewe. Skrini ya hezi 60 huchora mistari kuanzia juu kwenda chini, na safari hiyo huchukua karibu milisekunde 16. Anayepima leo kwenye kona ya juu na kesho kwenye kona ya chini atapata majibu mawili kwa kompyuta ileile. Mahali pa kupimia pawe pamoja, na katikati ndipo panapofaa. Wa tatu ni simu. Baadhi ya simu hubuni fremu za katikati ili video ionekane laini, na fremu iliyobuniwa haipimi kitu. Njia ya kuikagua ni kurekodi kitaa kinachowaka kila baada ya milisekunde 100 kamili: kwa fremu 240 kwa sekunde, kati ya mwako na mwako zihesabike fremu 24.

Kipimo kimoja hakitoshi. Mbonyezo huweza kuangukia kabla tu gemu haijakisoma kipanya, au mara tu baada ya kukisoma, na hilo peke yake huyumbisha jibu kwa muda wa fremu nzima. Ichukuliwe mibonyezo 30 au zaidi, kisha liandikwe jibu la katikati, pamoja na la chini kabisa na la juu kabisa. Mtawanyiko una habari zake, maana kompyuta ya milisekunde 45 zisizoyumba huchezeka vizuri kuliko ile inayoruka kati ya 30 na 80.

Anayetaka usahihi zaidi hutumia bodi ndogo ya Arduino Leonardo, ambayo kompyuta huweza kuitambua kama kipanya. Bodi hutuma mbonyezo, kihisi mwanga kilichobandikwa kwenye skrini hungoja rangi nyeusi igeuke nyeupe, na bodi husoma muda uliopita. Kiini cha programu ni mistari michache:

```
delay(random(500, 900));
t0 = micros();
Mouse.press();
while (analogRead(A0) < KIZINGITI) {}
Serial.println(micros() - t0);
Mouse.release();
```

Mstari wa kwanza usiachwe. Bila muda wa kubahatisha, mibonyezo yaweza kwenda sambamba na mapigo ya skrini, na majibu yote yakatoka mazuri au mabaya kwa bahati tu. Njia hii ina faida nyingine ambayo wengi huipita: bodi imechukua nafasi ya kipanya, hivyo jibu lake linahusu kompyuta na skrini. Mtu akipima tena kwa kipanya chake halisi chenye kitaa, tofauti ya majibu hayo mawili ndiyo inayoonyesha kipanya chake kimezidi bodi kwa kiasi gani.

Hoja ya pili: kasi ya kuulizwa

Kipanya cha USB hakipigi hodi kompyuta. Hungoja kuulizwa. Kikiulizwa mara 125 kwa sekunde, ambayo ndiyo kawaida ya vipanya vya ofisini, muda kati ya swali na swali ni milisekunde 8. Mbonyezo unaweza kutokea wakati wowote kati ya maswali mawili, kwa hiyo kwa wastani hungoja nusu ya muda huo, yaani milisekunde 4. Kwa mara 1000, wastani ni nusu milisekunde. Kwa mara 8000, ambazo huhitaji kipanya cha USB ya kasi ya juu kwa kuwa USB ya zamani haiwezi kuuliza zaidi ya mara moja kwa milisekunde, wastani hushuka hadi milisekunde 0.06.

Hesabu hizo ziangaliwe kwa utulivu. Kutoka 125 hadi 1000 mchezaji huokoa milisekunde 3.5. Kutoka 1000 hadi 8000 huokoa chini ya nusu milisekunde, na simu ya fremu 240 haitaiona kamwe.

Tena faida ya mara 8000 hupatikana pale tu kipanya kinapokuwa na jipya la kusema. Kipanya kilichowekwa kwenye 800 DPI hutoa hesabu 800 kwa kila inchi ya mwendo. Mkono ukienda inchi 5 kwa sekunde, hesabu ni 4000; nusu ya maswali 8000 hayatakuta chochote. Na kila jibu linalofika huamsha prosesa. Kuna gemu ambazo hushindwa kumeza ujumbe mwingi kiasi hicho. Dalili yake ni rahisi kuiona: mchezaji akitikisa kipanya kwa nguvu, fremu kwa sekunde hushuka ghafla, akikiacha kitulie, hupanda tena. Hapo arudi kwenye 1000 bila kusita.

Kwenye Linux, kasi halisi huonekana kwa amri ya `evtest`, ambayo huandika saa ya kila tukio. Kipanya kikizungushwa haraka, nafasi ya milisekunde 8 kati ya matukio ina maana ya mara 125, na ya milisekunde 1 ina maana ya mara 1000. Kasi huweza kulazimishwa wakati mashine inawaka kwa kuongeza neno hili kwenye maelekezo ya kerneli:

```
usbhid.mousepoll=1
```

Namba hiyo ni milisekunde. Lakini kipanya ambacho moyo wake hutoa habari mara 125 hakitakuwa na habari mpya kwa kuulizwa mara 1000, hivyo `evtest` irudiwe baada ya badiliko.

Hapa lazima litajwe jambo moja ambalo maboksi ya vipanya hulinyamazia. Swichi ya chuma hudunda inapogusana, na mbonyezo mmoja huweza kuonekana kama mingi. Baadhi ya vipanya hungoja mdundo utulie ndipo vitoe taarifa, na kungoja huko huweza kuchukua milisekunde kadhaa. Kipanya cha mara 1000 kinachongoja hivyo hushindwa na cha mara 500 kinachotoa taarifa kwenye mguso wa kwanza. Hili halimo kwenye namba ya kasi, ila kwenye kipimo cha kitaa na skrini hujitokeza lenyewe.

Hoja ya tatu: waya na mawimbi

Imani kwamba kipanya kisicho na waya ni kizito ilikuwa na haki yake zamani, na bado ina haki kwa aina moja: Bluetooth. Katika vifaa vingi vya Bluetooth ya nishati ndogo, muda mfupi kabisa kati ya mkutano na mkutano wa redio ni milisekunde 7.5, yaani kama mara 133 kwa sekunde, na kifaa kinaruhusiwa kuruka baadhi ya mikutano ili kutunza betri. Kwa kuandika barua hakuna neno. Kwa kulenga shabaha, hapana.

Kipanya cha gemu kinachokuja na kipokezi chake cha USB ni habari tofauti. Hutumia itifaki ya mtengenezaji kwenye masafa ya gigahezi 2.4, huulizwa mara 1000 au zaidi, na kikiwa katika hali nzuri hutofautiana na cha waya kwa takriban milisekunde moja au pungufu. Isichukuliwe, hata hivyo, kwamba kila kipanya chenye kipokezi ni cha namna hiyo. Vya ofisini vingi vina kipokezi pia, na vimebaki kwenye mara 125.

Kinachoharibu njia ya mawimbi ni usumbufu, na chanzo chake mara nyingi kimo kwenye kompyuta ileile. Mwaka 2012 Intel ilichapisha maelezo ya kiufundi yaliyoonyesha kwamba vifaa na kebo za USB 3.0 hutoa kelele ya redio inayoangukia kwenye masafa ya gigahezi 2.4. Kipokezi kilichochomekwa nyuma ya kompyuta, ubavuni mwa diski ya nje ya USB 3.0, husikia kelele kuliko kipanya. Pakiti hupotea na kurudiwa. Kwenye `evtest` hali hiyo huonekana hivi: nafasi nyingi za milisekunde 1, halafu mara kwa mara 3, 5 au 10. Jibu la katikati laweza kubaki zuri, huku jibu la juu likiruka, na ndiyo sababu hoja ya kwanza ilisisitiza mtawanyiko. Dawa ni kebo ya kurefushia inayokileta kipokezi juu ya meza, kiasi cha shubiri moja au mbili kutoka kwenye kipanya. Ni kebo ya bei ndogo, na huondoa malalamiko mengi ambayo lawama yake hupewa kipanya.

Hoja ya nne: foleni ya fremu

Sasa mhadhara umefika penye milisekunde nyingi. Prosesa na kadi ya michoro hufanya kazi kwa kupokezana. Prosesa husoma kipanya, hukokotoa dunia ya gemu, na huandaa orodha ya mambo ya kuchora. Kadi ya michoro huipokea orodha hiyo na kuichora. Ili kadi isikae bure, mfumo huruhusu prosesa itangulie: iandae fremu ya pili, hata ya tatu, kabla ya kwanza haijamalizika. Katika Windows, kiwango cha kawaida kwenye DirectX ni fremu tatu.

Mfano wa mkaanga chipsi unafaa. Kijana wa mbele anachukua oda haraka kuliko karai linavyokaanga, na karatasi tatu zimeshabandikwa ukutani. Mteja wa nne akisema hataki chumvi, neno lake limeandikwa papo hapo, lakini sahani yake itatoka baada ya tatu zilizotangulia. Mwandishi wa oda akiongeza kasi hakuna kinachobadilika. Karai ndilo linaloamua. Kila fremu iliyo kwenye foleni imebeba nafasi ya kipanya kama ilivyosomwa fremu hiyo ilipokuwa ikiandaliwa. Kadi inapoifikia, habari hiyo imeshazeeka.

Ichukuliwe kompyuta moja na ihesabiwe yote. Skrini ni ya hezi 60, V-Sync imezimwa, kipanya kinaulizwa mara 125, prosesa huandaa fremu kwa milisekunde 6, na kadi ya michoro huchora kwa 16.7, yaani fremu 60 kwa sekunde ikiwa imebanwa kabisa. Hesabu ni za makadirio ya wastani. Mbonyezo hungoja swali la USB milisekunde 4. Hungoja gemu isome kipanya, nusu ya fremu, karibu 8. Prosesa 6. Foleni ya fremu tatu, kila moja 16.7, ni 50. Kuchora 17. Skrini kufika katikati, 8. Jumla ni karibu milisekunde 93, ambazo kwenye video ya simu ni fremu 22.

Mwenye kompyuta hii akinunua kipanya cha mara 1000 ataokoa 3.5, abaki na karibu 90. Badala yake aache kipanya hichohicho, aweke kikomo cha fremu 55 kwa sekunde. Sasa oda mpya huja kila milisekunde 18.2, na karai humaliza kwa 16.7. Foleni haijengeki tena. Milisekunde 50 zimeondoka, gemu inasoma kipanya kwa wastani wa kungoja 9 badala ya 8, na jumla ni karibu 44. Namba ya fremu kwa sekunde imeshuka, na mkono umepata wepesi mara mbili. Wasikilizaji wengi hapa wamezoea kuitazama namba ile ya pembeni mwa skrini kama kipimo cha wepesi. Katika kompyuta iliyobanwa na kadi ya michoro, namba hiyo hudanganya.

Kikomo ndicho dawa ya kwanza kwa sababu hufanya kazi kwenye kila gemu na kila kadi. Kiwekwe chini kidogo ya kile ambacho kadi hukimudu kwenye sehemu nzito ya gemu, pale penye moshi na milipuko, si kwenye menyu. Kama sehemu nzito huteremka hadi fremu 50, kikomo cha 55 hakitafanya kitu wakati ule kinapohitajika zaidi.

Dawa ya pili ni kufupisha foleni yenyewe. Tangu Agosti 2019 draiva ya NVIDIA ina kipengele cha `Low Latency Mode`: `On` huacha fremu moja tu kwenye foleni, na `Ultra` hujaribu kuikabidhi fremu wakati kadi iko tayari kuipokea. Hufanya kazi kwenye gemu za DirectX 9 na 11. Kwenye DirectX 12 na Vulkan foleni inatawaliwa na gemu yenyewe, na kubadilisha kipengele hiki huko ni kupoteza muda. Kwa wanaocheza kwenye Linux kupitia DXVK, mstari unaohusika kwenye `dxvk.conf` ni huu:

```
dxgi.maxFrameLatency = 1
```

Foleni fupi ina gharama. Foleni ni akiba: prosesa ikikwama kidogo, kadi huendelea na fremu iliyohifadhiwa. Akiba ikiondolewa, kila mkwamo wa prosesa huonekana kwenye skrini. Grafu ya muda wa fremu ikianza kutoa miiba baada ya badiliko, prosesa haina nafasi ya kutosha, na heri kurudisha foleni ya fremu mbili. Na kama matumizi ya kadi yako chini ya asilimia 90 hivi huku hakuna kikomo wala V-Sync, kinachobana ni prosesa. Foleni ni tupu tayari, na hakuna cha kupunguza.

V-Sync huleta foleni kwa mlango mwingine. Kadi yenye uwezo wa fremu 200, ikifungwa kwenye skrini ya hezi 60, humaliza kazi na kungoja skrini. Karai sasa ni skrini, na oda hujazana vilevile. Kikomo kikiwekwa chini kidogo tu ya kasi halisi ya skrini, foleni huisha, ila fremu moja itaonyeshwa mara mbili kila baada ya sekunde kadhaa. Kasi halisi isomwe kwanza, kwa maana skrini nyingi zinazoitwa za hezi 60 ni 59.94, na kikomo cha 59.95 hakitasaidia.

Dawa ya tatu, iliyo bora pale inapopatikana, ni gemu yenyewe kuchelewesha kusoma kipanya hadi kadi iwe karibu kuwa tayari. Ndivyo ifanyavyo Reflex ya NVIDIA, iliyotangazwa Septemba 2020, na Anti-Lag 2 ya AMD ya mwaka 2024. Zote mbili hujengwa ndani ya gemu na watengenezaji wake. Umuhimu wa hilo ulionekana Oktoba 2023, AMD ilipoipeleka kwenye Counter-Strike 2 Anti-Lag+, iliyoingilia gemu kutoka kwenye draiva; gemu hiyo iliona msimbo wake umeguswa, wachezaji wakafungiwa, na AMD ikaiondoa. Mchezaji asitumie programu ya pembeni inayoahidi kuingia ndani ya gemu ili kuondoa lagi.

Yanayokuja

Skrini za hezi 240 na zaidi zinapunguza urefu wa kila fremu, na kwa hiyo urefu wa foleni yoyote iliyobaki. Upande wa pili, mbinu za kubuni fremu za katikati zinaongeza uchelewaji, kwa sababu ili kubuni kilicho kati ya picha mbili ni lazima ile ya pili izuiwe kwanza. Januari 2025 NVIDIA ilitangaza Reflex 2, ambayo huisogeza picha iliyokwisha kuchorwa kufuata mwendo wa mwisho wa kipanya kabla haijapelekwa kwenye skrini. Vyombo vya uhalisia pepe vinavyovaliwa kichwani vimetumia wazo la jamaa hiyo kwa miaka kadhaa.

Mbinu hiyo ya kusogeza italazimisha vipimo vibadilike. Picha iliyosogezwa huonyesha mwendo mpya wa mkono, lakini mlio na mwako wa risasi bado hungoja fremu kamili. Bodi ya Arduino inayotuma mbonyezo na kungoja mwanga haitaona tofauti yoyote, ingawa mchezaji ataihisi. Kipimo kijacho kwa mafundi wa hapa ni kuifanya bodi isogeze kipanya kwa `Mouse.move(100, 0)` badala ya kukibonyeza, mbele ya ukuta ulio nusu mweusi na nusu mweupe ndani ya gemu, kihisi kikiwa mpakani. Majibu ya mwendo na majibu ya mbonyezo yaandikwe kwenye safu mbili tofauti kuanzia sasa, ili mbinu hiyo itakapoenea pawepo vipimo vya awali vya kulinganisha.